Siku Filimbi Iliposhindwa na Mabati

Filimbi yangu ya kwanza niliinunua Mwanza mwaka 1997, nilipokuwa namaliza masomo katika Chuo cha Ualimu Butimba. Ilikuwa ya chuma, na niliipenda kwa sababu ukiipuliza uwanjani hata mtoto aliye kwenye goli la mbali anageuka. Januari 1998 niliivaa shingoni nikaripoti kazini Bariadi, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu tungekuja kuupata mwaka 2012. Nilifika katikati ya mvua za El Nino, zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na kwa wiki nzima ya kwanza sikuwahi kuuona uwanja wa shule ukiwa mkavu.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa mbuga. Aliyekulia Usukuma anaujua. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto, na mvua ikinyesha nyufa zile hujifunga, udongo ukawa mweusi, ukateleza na kunata kwa wakati mmoja. Ukitembea hatua kumi, kiatu kinakuwa na uzito wa viatu viwili. Hakuna mwalimu anayeweza kuwakimbiza watoto hapo. Kwa hiyo siku ya kipindi changu cha pili cha michezo na Darasa la Tano, mvua ikiwa inamwagika, niliamua kwamba tutafanya michezo ndani ya darasa.

Walikuwa watoto 72 kwenye madawati 24. Sikuliandika andalio jipya la somo. Nilichukua lile la uwanjani, mbio za kupokezana vijiti, nikaliingiza ndani kama lilivyo. Mistari ya mbio ikawa njia zile nyembamba zilizo kati ya safu za madawati, na vijiti vikawa rula. Nilisimama mbele ya ubao, nikapuliza filimbi.

Darasa lile halikuwa na dari. Juu yetu kulikuwa na mbao na mabati tu, na mvua kubwa ikipiga mabati matupu, mtu aliye mita tatu mbele yako unaona mdomo wake unacheza lakini husikii neno. Watoto wa mbele walisikia filimbi wakaondoka. Wa nyuma hawakusikia, wakabaki. Nilipuliza tena ili wote wasimame, baadhi wakadhani ndiyo ruhusa ya kuanza. Binti mmoja aliyekuwa akirudi kwa kasi alikutana na mwenzake kwenye njia ile ile, akakata kona, na mguu wake ukakanyaga tope ambalo wenzake walikuwa wameingia nalo asubuhi. Sakafu ilikuwa ya sementi iliyosuguliwa kwa niru ikalainika. Alianguka, mkono wa kushoto ukagonga ukingo wa dawati.

Nilijua kabla sijaugusa. Sehemu iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono ilikuwa imepinda, na alikuwa ameushikilia kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba yai. Hakulia. Tuliufunga kwa rula mbili na khanga ya mwalimu mwenzangu, mvua ilipopungua tukampeleka kwa baiskeli. Alikaa na plasta wiki sita. Mama yake alipokuja shuleni hakunigombeza. Aliniamkia, akaniuliza mtoto aliangukaje. Nilimjibu kwamba aliteleza. Lilikuwa jibu la kweli lililoficha ukweli wote, na mpaka leo linanisumbua kuliko kama angenifokea.

Baada ya siku ile nilifanya wanachofanya walimu wengi wa michezo, mvua ikinyesha. Kipindi kikifika nawaambia watoto walaze vichwa kwenye madawati, au namwachia mwalimu wa Hisabati amalizie mazoezi yake. Wiki tatu, nne, tano. Katika daftari la maandalio niliandika neno moja tu: mvua.

Aliyenitoa huko alikuwa mwalimu mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Maswa, aliyekuwa akifundisha Kiswahili na ambaye sote tulimwita Mama. Siku moja tumekaa ofisini tunasubiri mvua ipungue, akaniuliza:

"Mwanangu, wigashe unaijua?"

Nikamwambia naijua, ni ngoma.

"Inachezwaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa anakonipeleka. Wigashe ni ngoma ya Wasukuma ambayo wachezaji hucheza wakiwa wamekaa. Jina lenyewe linatokana na kukaa. Watu hupanga viti au vigoda kwa mistari, na kazi yote hufanywa na mabega, mikono, kiuno na shingo, wote kwa pamoja kama kitambaa kimoja kinachopeperuka. Anayedhani kucheza umekaa ni kupumzika na ajaribu kwa dakika tano, shati litamwambia.

"Wewe unalilia uwanja," Mama akasema. "Uwanja mbona unao, umejaa madawati. Kinachokushinda ni kwamba hawakusikii."

Maneno hayo niliondoka nayo. Nilikuwa nimejishughulisha na nafasi wakati mvua ilikuwa imeninyang'anya kitu kingine kabla ya nafasi, yaani sauti. Mwalimu wa michezo anaishi kwa amri, na amri isiyofika kwa wote kwa wakati mmoja ndiyo iliyovunja mkono wa yule binti. Tope lilimalizia tu.

Jioni ile nilipima darasa kwa hatua. Lilikuwa kama mita tisa kwa saba. Dawati la watoto watatu lilikuwa na urefu wa mita moja na robo hivi, na kina chake, meza pamoja na benchi, hakifiki mita moja. Nikachora kwenye karatasi. Madawati 12 ukutani kushoto kwa safu mbili za sita sita, na 12 kulia vivyo hivyo, mabenchi yakitazama katikati. Kila upande ulikula karibu mita mbili, katikati ikabaki njia ya zaidi ya mita tatu kwa urefu wote wa darasa, na mlango haukuzibwa. Sikupandisha dawati juu ya dawati, ingawa ingenipa nafasi zaidi, kwa sababu dawati la mbao likidondoka kutoka juu halichagui pa kuangukia.

Mvua ya kipindi kilichofuata ilinikuta tayari. Kipindi ni dakika 40, na dakika tano za kwanza nilizitoa kwa sakafu. Mlangoni niliweka gunia kavu, kila mtoto akavua viatu, akafuta nyayo mpaka zikakauka. Mguu mtupu uliokauka hushika sementi vizuri kuliko kiatu cha plastiki chenye tope. Mguu mtupu ulio na maji ndio mbaya. Viranja wawili walifuta njia ya katikati kwa magunia mengine. Sikuwaruhusu kumwaga maji na kupiga deki, maana sakafu ingekauka kesho. Nilijaribu kwa kuburuta kisigino changu. Kikiserereka, hatuanzi. Kikikwama, tunaanza. Pia niliwasogeza wote mbali na madirisha, kwa kuwa yana nondo na siku ile kulikuwa na radi. Madirisha ya upande usiopigwa na upepo niliyaacha wazi, watoto 72 wanaohema wasije wakakosa hewa.

Kisha nikavua filimbi shingoni, nikaiweka mezani mbele ya macho yao.

Niliandika ubaoni ishara tatu na kuchora mkono mbele ya kila moja. Ngumi juu, anza. Kiganja wazi juu, simama na nyamaza. Vidole viwili vikizunguka, badilishaneni nafasi. Pembeni ya kile kiganja niliongeza sharti moja ambalo ndilo lililobeba somo zima: anayekiona naye anainua chake. Kwa njia hiyo aliyefunikwa na mwenzake asiuone mkono wangu, atauona wa jirani, na amri itasafiri kutoka mbele hadi nyuma bila neno. Nilipanda kwenye kiti, nikainua kiganja nikihesabu kimoyomoyo. Mara ya kwanza nilifika 11 kabla darasa lote halijatulia. Mara ya tatu niliishia 4. Uwanjani, kwenye jua, filimbi yangu haikuwahi kufanya hivyo.

Niliwagawa makundi matatu ya watoto 24, moja katikati na mawili kwenye madawati ya kushoto na kulia. Wa katikati walisimama mistari miwili, mmoja nyuma ya mwenzake kwa umbali wa mkono. Walikimbia papo kwa papo nusu dakika, magoti yakipanda hadi usawa wa kiuno, wakapumzika nusu dakika, kisha wakachuchumaa na kusimama mara kumi, kisha wakasimama kwa mguu mmoja. Niliwataka watue kwa vidole, si kwa kisigino. Ukuta uliotutenga na Darasa la Sita haukufika kwenye mabati, na mvua ikipungua kidogo vishindo vyetu vingewafikia wenzetu. Mwanzoni nilikuwa nimeandika kwamba wa mguu mmoja wafumbe macho, maana ndivyo usawa wa mwili unavyopimwa vizuri. Nikalifuta agizo hilo. Aliyefumba macho haoni kiganja, na siku ile macho ndiyo yaliyokuwa masikio.

Waliokaa walicheza wigashe. Kila upande ulikuwa na kiongozi wake, mtoto aliyekaa mahali pa kuonekana na wote, na kundi likafuata mabega yake: kulia mara nne, kushoto mara nne, mikono ikipanda na kushuka, kiwiliwili kikiinama mbele na kurudi nyuma. Hawakuhitaji ngoma, macho yalikuwa kwa kiongozi. Kila baada ya dakika tano vidole vyangu viwili vilizunguka, makundi yakabadilishana, na kwa dakika 15 kila mtoto alikuwa amepita katikati mara moja na kukaa mara mbili.

Tulihesabu pia mapigo ya moyo, mara mbili, kabla ya kuanza na mara tu baada ya zamu ya katikati. Vidole viwili, si gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba. Niliinua ngumi wakaanza kuhesabu, sekunde 15 zilipotimia nikafungua kiganja, kila mmoja akaandika namba yake kwenye daftari na kuizidisha kwa nne. Kabla ya mazoezi wengi waliandika 20 hadi 24, yaani kati ya 80 na 96 kwa dakika. Baadaye wakaandika 33, 36, 38. Mtoto aliyeandika 21 mara zote mbili nilijua hakukimbia, hata kama magoti yake yalionekana yakipanda. Aliyekuwa ameegemea ukuta, mabega yakipanda kila anapovuta pumzi, nilimtoa akakae akielekea dirisha lililo wazi upande usio na upepo, bila kulisogelea. Vumbi la chaki na unyevunyevu humwamshia pumu mtoto ambaye uwanjani huonekana mzima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Katika kundi la kushoto alikuwepo kijana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la mwisho. Uwanjani nilimjua kama mzembe. Filimbi ikilia yeye huondoka wa mwisho, baada ya kuwatupia macho wenzake, na mara kadhaa nilimrudisha mwanzo mbele ya darasa zima. Nilimwambia anasinzia. Walimu wengine walinikubalia, wakamwita mzito. Siku ile, katika mvua, niliinua ngumi na watoto 71 wakachelewa kidogo. Yeye peke yake hakuchelewa. Kila ishara alikuwa wa kwanza. Kiongozi wa upande wake akikosea, wenzake waliacha kumtazama kiongozi wakawa wanamtazama yeye.

Mara ya kwanza nilifurahi tu. Mara ya nne, nikiwa nimesimama juu ya kile kiti, kitu kilinishika kooni. Darasa zima lilikuwa haliwezi kusikia, na mtoto huyu alikuwa amezoea. Yeye aliishi hivyo siku zote.

Mvua ilipokatika nilimwita nje barazani. Nilisimama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, nikamwomba azibe sikio la kulia kwa kidole, nikanong'ona neno "nyumba" na kumwambia arudie. Hakugeuka, hakurudia. Upande wa pili alisikia baada ya mimi kusema kwa sauti ya kawaida. Mama yake alipoitwa alisema, "Mwalimu, sikio lake lilitoka usaha tangu hajaanza shule. Linakauka, linarudi. Tulidhani mnajua." Alikuwa Darasa la Tano. Miaka minne alikuwa amekaa dawati la mwisho akisoma midomo ya walimu walioandika ubaoni huku wamempa mgongo.

Tulimhamishia dawati la mbele, upande ambao sikio lake zuri linamwelekea mwalimu. Mama yake alishauriwa ampeleke hospitali na aache kumtia mafuta ya moto sikioni, kwani sikio linalotoa usaha mara kwa mara huwa na ngoma iliyotoboka, na kinachomiminwa humo hupita moja kwa moja hadi ndani. Sikumponya. Nilichofanya ni kuacha kumwadhibu kwa kutosikia, na hilo lilikuja baada ya kumwadhibu vya kutosha.

Leo Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na mambo mengi yamebadilika. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, darasa la watoto 72 naliona dogo. Kuna mwaka nimefundisha zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, na kwa idadi hiyo hesabu yangu ya makundi matatu haifanyi kazi. Madawati hayana pa kusogezwa, wote hubaki wamekaa na wigashe inakuwa ndiyo somo lote. Michezo yenyewe imepita katika majina mengi kwenye ratiba. Mtaala wa 2005 uliiita Haiba na Michezo, na huu ulioboreshwa unaiita Sanaa na Michezo. Siku ya mvua hubaki ile ile.

Shuleni kwetu tumepata vyumba vipya vyenye dari na sakafu ya marumaru. Mvua ikinyesha humo mwalimu anasikika, na nilipoingia mara ya kwanza nilishukuru sana. Lakini marumaru yenye maji huteleza kuliko ile sementi yangu ya niru, na gunia la mlangoni linahitajika zaidi sasa kuliko zamani. Na sauti iliporudi, ishara ziliondoka. Mwalimu kijana niliye naye huendesha kipindi cha ndani kwa spika ndogo na muziki wa simu. Watoto wanaruka na kufurahi, na anafanya kazi nzuri. Mvua moja ya Machi nilimwomba azime spika kwa dakika kumi na aongoze kwa mikono tu.

"Kwa nini, mwalimu? Wananisikia vizuri."

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Hutajua nani hakusikii."

Alizima. Baada ya kipindi alinifuata akanitajia majina mawili ya watoto waliokuwa wa kwanza kwa kila ishara na ambao siku zote huwa wa mwisho. Tuliwapima kwa kunong'ona. Mmoja alisikia vizuri, alikuwa amependa tu mchezo ule. Wa pili hakusikia upande wa kushoto.

Mwalimu mwenzangu uliye Itilima, Meatu, Busega, popote mvua inapopiga mabati: siku ya mvua usiandike neno "mvua" kwenye daftari la maandalio ukaishia hapo. Kausha sakafu, sogeza madawati, weka filimbi mezani, inua mkono. Kisha usiwatazame wanaochelewa, mtazame anayewahi. Ikiwa ni yule uliyemzoea kuwa wa mwisho, mpeleke barazani mvua ikikatika, simama nyuma yake na umnong'oneze neno moja.